Kisigino Kinachouma Asubuhi: Pima Raba ya Mtumba kwa Penseli na Mikono Miwili

Kila wiki swali ni lile lile, linabadilika sauti tu. "Dokta, nikishuka kitandani asubuhi kisigino kinachoma kama nimekanyaga msumari. Nikitembea kidogo kinapoa, nikikaa nikainuka kinaanza upya. Nivae kiatu gani?" Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, lakini hapa Kigoma ukivaa koti jeupe wewe ni dokta, nimeshaacha kubisha. Nimejibu swali hili mpaka nimeamua kuliandika, ili anayeuliza nimpe karatasi aende nayo sokoni Mwanga.

Wengi wanataka niwatajie jina la kiatu. Sitataja. Kwenye mtumba huchagui toleo, unachagua kilichotoka kwenye belo siku hiyo, na kiatu cha jina kubwa kilichokufa sponji ni kibaya kuliko kisicho na jina ambacho bado ni kizima. Unachohitaji ni kujua kupima mambo matatu: ukakamavu wa kiatu, ulaini wa sponji yake, na mshuko. Mshuko ndiyo tofauti ya unene wa soli kati ya kisigino na mbele, pale vidole vinapoanzia. Kiatu chenye soli ya milimita 30 nyuma na 20 mbele kina mshuko wa milimita 10. Ndala ina mshuko wa sifuri au karibu na hapo.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huu

Chini ya unyayo kuna ukanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda mpaka kwenye vidole. Kaa, weka mguu juu ya goti, kisha vuta dole gumba la mguu kuelekea kwenye ugoko. Utauona ukanda huo ukikaza kama kamba chini ya upinde wa wayo. Unapochoka pale unaposhikana na mfupa, ndipo maumivu yanapozaliwa. Hospitalini ugonjwa huu unaitwa planta fashaitisi. Nadharia inatosha hapo, ila usisahau ile kamba iliyokaza ulipovuta dole. Tutairudia.

Ugonjwa wenyewe hujitambulisha hivi: hatua za kwanza za asubuhi ndizo mbaya zaidi, na ukibonyeza kwa kidole gumba chini ya kisigino, upande wa ndani kidogo kuelekea kwenye upinde, unapata sehemu moja inayokufanya ushtuke.

Nenda hospitali kwanza, viatu baadaye, ikiwa kisigino kinauma usiku ukiwa umelala, kimevimba au kina joto, unapata ganzi au moto wa kuchomachoma kwenye unyayo, au maumivu yalianza ghafla kwa mlio kama kitu kimekatika. Vivyo hivyo ukikibana kisigino kwa viganja viwili, kulia na kushoto, na ukasikia maumivu makali: huenda mfupa una ufa. Mwenye kisukari asijitibu miguu kwa kusoma karatasi yangu peke yake. Na kijana ambaye visigino vyote viwili vinauma, na mgongo unakakamaa kila asubuhi, huyo aende akachunguzwe baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Kuna mambo mawili nayasikia sana. La kwanza ni "nimeambiwa ni gauti, niache nyama." Gauti hupenda sana dole gumba, huja ghafla, na kiungo huwa chekundu na kinavimba. Kisigino kinachouma kwa hatua za asubuhi kisha kikapoa hakifanani nayo. La pili ni "piksha imeonyesha mfupa umeota." Watu wengi wana mfupa huo na hawaumwi hata siku moja. Usilale na hofu kwa sababu yake.

Vitu vya kuandaa

- Penseli mpya isiyochongwa, ile ndefu. Ncha zote mbili ziwe bapa.
- Rula ya sentimita 30.
- Daftari lenye jalada gumu.
- Soksi unazovaa siku zote.
- Mtu wa kukushikia penseli. Muuzaji mwenyewe anafaa, ukimwomba vizuri.

Nenda alasiri, si asubuhi. Miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na kiatu kinachokaa sawa saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa kumi jioni. Tena uende na kile kiatu unachokivaa kila siku. Tutakipima nacho, na mara nyingi hicho ndicho kitakachokushangaza.

Hatua ya 1: Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma

Tafuta ubao ulionyooka, si turubai. Weka viatu vyote viwili, chuchumaa, macho yawe usawa wa visigino vyake. Kikombe cha kisigino, yaani ile sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino, kisimame wima. Kikilalia ndani au nje, ujue aliyekivaa kabla yako amekwisha kukipa mwendo wake, na wewe utatembea ndani ya mwendo wa mtu mwingine. Kiache, hata kama rangi imekupendeza.

Geuza uone soli. Kulika kidogo kwenye kona ya nje ya kisigino ni kawaida. Mpira ukilika mpaka sponji nyeupe imechungulia, kiache.

Hatua ya 2: Kunja

Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha ya mbele kwa mwingine, kisha sukuma pamoja kama unakunja chapati. Tazama kinakunjikia wapi. Kiatu kizuri kwa kisigino chako kinakunjika pale vidole vinapoanzia tu, na kinakupinga kidogo. Kikikunjika katikati, chini ya upinde, kitauacha ukanda ufanye kazi yote peke yake. Hicho hapana.

Sasa rudi kwenye ile kamba. Kila hatua unayopiga, kisigino kinapoinuka, vidole vinakunjika na ukanda unavutwa. Kiatu kinachokunjika mbele kama kitambaa kinaacha vidole vikunjike mpaka mwisho. Kiatu chenye ukakamavu mbele, hasa kile ambacho soli yake imepinda juu kidogo kwenye ncha kama kiti cha kubembea, kinakuvusha bila vidole kukunjika sana. Kwa hiyo watu wanaokuja wakisema "nimenunua kiatu laini sana, kinakunjika kama soksi" wamelipia kasoro wakidhani ni sifa.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Buti ngumu ambayo haikunjiki popote na soli yake ni bapa kabisa itakufanya utembee kama uko kwenye mbao, na kisigino kitachomoka ndani ya kiatu kila hatua. Ukakamavu bila ule mpindo wa mbele haufai.

Hatua ya 3: Kamua, kisha bana

Shika kisigino na mbele tena, sasa pindisha kama unakamua nguo. Kisogee kidogo, kisizunguke. Kisha bana kikombe cha kisigino kwa kidole gumba na cha shahada. Kikibonyea mpaka vidole vikutane, hakitashika kisigino chako. Hii ya kubana ni muhimu kwa sababu chini ya mfupa wa kisigino tuna mto wetu wenyewe wa mafuta, na kikombe kigumu kinaukusanya ukae chini ya mfupa badala ya kutawanyika pembeni.

Hatua ya 4: Sponji, hai au imekufa?

Hapa ndipo watu wanapopotea, maana kidole kinadanganywa kirahisi. Ukiingiza mkono ndani ya kiatu na kubonyeza, unachobonyeza kwanza ni ile soli ya ndani inayotoka. Kila kiatu kinaonekana laini kwa jaribio hilo. Itoe kwanza. Muuzaji akikasirika, mrudishie kiatu chake.

Baada ya kuitoa, fanya mambo matatu. Bonyeza kwa kidole gumba ubavu wa sponji, nyuma, chini ya kisigino. Iingie kidogo, kisha irudi mara moja unapoachia. Ikiingia na kubaki na shimo, imechoka. Isipoingia kabisa, imekauka. Pili, tazama mikunjo ya ubavuni: mistari mingi ya kulala, kama ya paji la uso wa mzee, upande mmoja tu wa kisigino, ni sponji iliyokwisha kulala na haitaamka. Tatu, ingiza ngumi ndani ukandamize kisigino kwa uzito wa bega. Ukisikia umegota kwenye kitu kigumu, basi na mfupa wako utagota hapo hapo.

Laini mno nalo ni kosa. Sponji nene inayozama inazama zaidi nyuma, kwa sababu uzito unatua kule. Kiatu kilichopimwa mezani kikaonyesha mshuko mzuri, ukikikanyaga, mshuko unayeyuka. Mtu mzito anahitaji sponji inayompinga, na mtu mwepesi anaweza kuvumilia iliyo laini zaidi. Mimi kwa kisigino hiki ninapenda iliyo imara na inayorudi haraka kuliko ile ya kuzama kama godoro.

Onyo moja kuhusu buti za kupandia milima na viatu vya kazi vya mtumba, ambavyo hapa kwetu vinapendwa kwa sababu vinaonekana havijawahi kuvaliwa. Baadhi vina soli za poliuretini, na aina hiyo inaoza yenyewe kwa unyevu na miaka, hata ikiwa kwenye boksi. Unanunua kipya, unapanda nacho kutoka stesheni kwenda Mwanga, na kabla hujafika soli imemeguka vipande kama mkate mkavu. Kwaruza ubavu wa soli kwa ukucha. Ikitoa unga au ikinata, kiache hapo hapo.

Hatua ya 5: Pima mshuko kwa penseli

Huwezi kupima mshuko kwa kutazama kiatu kwa nje. Viwanda vingi huinua kingo za sponji zikauzunguka mguu, hivyo kiatu kinachoonekana kina kisigino kirefu kinaweza kuwa bapa ndani. Lazima upime pale mguu unapokaa.

Rudisha soli ya ndani mahali pake. Legeza kamba zote mpaka tundu la mwisho, vuta ulimi mbele. Simamisha penseli wima ndani ya kiatu katikati ya kisigino, kama vidole viwili kutoka ukuta wa nyuma. Usiikandamize, iache ijisimamie kwa uzito wake. Mwenzako aishike isiyumbe. Wewe simamisha rula mezani kando ya kiatu, laza daftari juu ya kichwa cha penseli mpaka liguse rula, lisiiname, kisha usome. Tuseme umepata milimita 211.

Sasa sogeza penseli ile ile mbele kadiri uwazi wa kamba unavyoruhusu, karibu na pale vidole vinapoanzia, uisimamishe wima tena. Soma. Tuseme 202. Toa: 211 kasoro 202 ni 9. Huo ndio mshuko, milimita 9. Urefu wa penseli hauhusiki, kwa kuwa ni ile ile mara zote mbili, na hata rula inayoanza na nafasi tupu kabla ya sifuri haiharibu hesabu.

Kwa kuwa penseli haifiki mbele kabisa, jibu lako huwa dogo kuliko ukweli kwa milimita moja au mbili. Haidhuru. Hatutengenezi ndege. Tunataka kujua kiatu kiko kundi gani: bapa, yaani sifuri mpaka 4, cha kati, 5 mpaka 7, au cha mshuko, 8 mpaka 12. Kisigino kinapouma, anza na kundi la tatu. Mshuko unapunguza mvuto wa misuli ya kigimbi, na kigimbi kilichokaza ndicho kinachovuta kisigino kutoka nyuma wakati ukanda unavuta kutoka mbele.

Kwa mji wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Ukipanda mlima, ardhi inakuinulia mbele ya mguu na kisigino kinabaki chini, kwa hiyo mlima unakula mshuko wa kiatu chako. Ndala inayomfaa mtu wa Tabora kwenye tambarare na mchanga inakuwa adhabu kwa anayepanda kila siku kutoka kando ya ziwa.

Usisome hapa ukaenda kununua mchuchumio. Kisigino kirefu cha namna ile kinapeleka uzito wote mbele, kinakunja vidole muda wote, na kile kisigino chembamba hakina sponji wala kikombe.

Hatua ya 6: Vaa, simama, tembea

Vaa vyote viwili na soksi zako, funga kamba. Mbele ya dole refu kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Namba iliyoandikwa usiiamini, viwanda havikubaliani. Simama kwa mguu unaouma peke yake ukihesabu mpaka kumi. Ukiyumba sana kuliko ukiwa peku, sponji ni laini mno au kikombe ni kibovu. Kisha tembea kwenye saruji, si kwenye vumbi, hatua hamsini. Kisigino kisichomoke. Kama kiatu kinaumiza pale pale sokoni, hakitajirekebisha nyumbani. "Kitaachia tu ukikizoea, dada" ni maneno ya mwenye mzigo anayetaka kuuza.

Mfano: mwalimu mmoja na viatu vitatu

Mwezi mmoja nilikwenda sokoni na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ujiji, mama wa miaka arobaini na kitu, mzito kidogo, anayesimama darasani tangu asubuhi mpaka mchana kwenye sakafu ya saruji. Kisigino cha kulia kilikuwa kinamsumbua kwa miezi minne. Nilimwambia maumivu ya hatua ya kwanza ya asubuhi ayape namba, sifuri hadi kumi. Akasema saba. Kiatu chake cha kazi kilikuwa moka nyembamba, nyeusi, safi sana. Tulipoipima tulipata mshuko wa milimita 2, na ilikunjika popote ulipoigusa.

Muuzaji akatuletea raba tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, nene, mwalimu akaipenda papo hapo. "Hii kama nimekanyaga sufi," akasema. Penseli ikatupa mshuko wa 6. Lakini nilipokandamiza kwa ngumi, kisigino kilizama na ubavu wa ndani ukakunjika, na aliposimama kwa mguu mmoja akashika bega langu kabla ya kufika tano. Ya pili ilikuwa raba ya kitambaa, soli nyembamba ya mpira, mshuko wa 1. Hiyo ni moka nyingine iliyovaa kamba. Ya tatu ilikuwa ya kukimbilia, kijivu, imefubaa, kamba za rangi tofauti. Mshuko wa 9, ilikunjika mbele tu, kikombe kigumu, sponji inarudi. Alisimama mpaka kumi bila kushika kitu.

"Mwanangu, hii ni mbaya," akaniambia. Nikakubali kwamba ni mbaya. Akainunua kwa bei ndogo kuliko ile nyeupe, na muuzaji akacheka kwamba dokta anamharibia biashara.

Wiki mbili baadaye namba yake ilikuwa bado sita, akakata tamaa. Nikamuuliza nyumbani anavaa nini. Nyumbani alikuwa peku, kwenye saruji, tangu anaamka mpaka anatoka, na jioni tena. Akaanza kuweka kiatu cha pili chenye mshuko kando ya kitanda na kufanya mazoezi yaliyo hapa chini. Wiki ya sita akasema tatu. Mwezi wa nne alisema asubuhi nyingine anasahau kabisa.

Hatua ya 7: Kitumie hivi, la sivyo umenunua urembo

Kiatu kinapunguza mvuto, hakitibu ukanda. Kabla ya kukanyaga chini asubuhi, ukiwa bado kitandani, pandisha mguu juu ya goti, vuta vidole kuelekea kwenye ugoko mpaka kamba ikaze, shikilia kwa sekunde 10, rudia mara 10. Kisha vaa kiatu kabla mguu haujagusa sakafu. Rudia kuvuta mara mbili tena mchana.

Siku moja ndiyo, siku moja hapana, fanya zoezi la kujenga nguvu. Simama kwenye ngazi, visigino vikiwa hewani, weka taulo iliyokunjwa chini ya vidole ili vipande juu. Inuka polepole kwa sekunde 3, simama juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Mara 12, seti tatu. Anza kwa miguu yote miwili, kisha mguu mmoja, na ukiona ni rahisi beba begi lenye vitabu. Maumivu madogo wakati wa zoezi si tatizo. Yakizidi kesho yake asubuhi, punguza.

Tegemea miezi, si siku. Wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Kiatu kipime kwa namba yako ya asubuhi baada ya wiki mbili hadi nne, si baada ya siku mbili.

Yakienda kombo

*Kazini hawaruhusu raba.* Mpelekee fundi viatu kiatu chako cha kazi pamoja na ndala chakavu ambayo sponji yake bado ni ngumu. Akate kipande cha umbo la kisigino, akichonge kiwe na milimita 6 au 7 nyuma na kiishie kwa wembamba mbele, akiweke chini ya soli ya ndani. Kwa viatu vyote viwili, hata kama unaumwa mguu mmoja, la sivyo utatembea ukiinama upande. Hakikisha kisigino bado kinakaa ndani ya kikombe. Moka ya kina kifupi haifai kwa kazi hii, mguu utaruka nje.

*Maumivu yamehamia mbele, chini ya vidole.* Kiatu ni kifupi, au mshuko umezidi, au ni kikakamavu bila mpindo wa mbele. Angalia nafasi ya dole kwanza.

*Kisigino kimepoa lakini kigimbi au mshipa wa nyuma ya kifundo unauma.* Mara nyingi ni mtu aliyetoka kwenye kiatu cha mshuko akahamia cha bapa kwa siku moja. Rudi kwenye cha mshuko. Ukitaka kushuka, shuka baada ya kupona, na uvae kiatu kipya saa moja au mbili kwa siku kwanza.

*Asubuhi nafuu, jioni kunawaka.* Sponji inalala kabla ya siku kwisha, au unasimama muda mrefu mno kwa pamoja. Rudia jaribio la ngumi jioni, mara tu unapovua, kisha lifanye tena asubuhi. Kama jioni unagota na asubuhi hugoti, badilishana viatu viwili, kimoja leo kimoja kesho.

*Unakanda kwa tofali la moto au maji ya moto sana.* Nimeona malengelenge zaidi ya nafuu. Kama unataka kukanda, jaza chupa ya plastiki maji, igandishe, ivingirishe chini ya unyayo kwa dakika chache ukiwa umekaa, na kitambaa juu yake. Mwenye kisukari au ganzi asitumie moto wala barafu.

*Umeshauriwa sindano ya kisigino.* Sindano za steroidi zinaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, lakini zinaweza kuukata ukanda au kuukondesha ule mto wa mafuta, na huo haurudi. Muulize daktari kuhusu hatari hizo mbili kabla hujalala kitandani. Na ukichomwa, usitumie nafuu hiyo kukimbia.

*Wiki ya kumi na mbili, umefanya yote, namba haijashuka hata moja.* Rudi hospitali na kiatu chako mkononi. Waambie wabane kisigino kutoka pembeni na wakague mishipa ya fahamu upande wa ndani wa kifundo, kwa sababu huenda tangu mwanzo haukuwa ukanda.